Umeme Ukishuka, Joto Halishuki

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, na muda wote huo linataka joto la karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi. Joto likipungua digrii moja kwa siku nyingi, vifaranga huchelewa na baadhi hutoka dhaifu. Likizidi digrii tatu au nne kwa saa kadhaa, viini huanza kufa ndani ya ganda. Nafasi ya kukosea ni ndogo, na mfugaji anayetumia mashine ya umeme hana uhakika na karibu chochote kinacholeta joto hilo. Volti hupanda na kushuka. Usiku chumba hupoa. Mpira wa mlango huchakaa ukaanza kuvujisha hewa. Hata mayai yenyewe hubadilika kadiri siku zinavyokwenda.

Ndiyo maana mhadhiri mmoja wa uhandisi wa umeme, anapowapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye somo la udhibiti wa mitambo, huja darasani na sanduku la mbao la kutotoleshea vifaranga. Anazungumza kwa nusu saa tu. Swali lake ni moja: inakuwaje mashine iliyotengenezwa kwa vitu visivyotulia itoe joto lililotulia?

Kwanza anaeleza sanduku likiwa halina themostati. Kila digrii moja ambayo joto la ndani limezidi joto la chumba, sanduku hilo hupoteza wati 2 za joto kupitia mbao na nyufa zake. Chumba kikiwa na nyuzi 22.5, kutoka hapo hadi 37.5 ni digrii 15, kwa hiyo sanduku linapoteza wati 30. Fundi anayejua hesabu atafunga koili ya wati 30, aiwashe, na baada ya muda joto litatulia mahali panapotakiwa. Hakuna kifaa kingine. Kwenye karatasi mashine imekamilika.

Sasa umeme unashuka kutoka volti 230 hadi 200, jambo ambalo mtu yeyote anayeishi mwisho wa laini amelizoea jioni watu wanapowasha majiko na pasi. Nguvu ya koili haipungui sawasawa na volti. Inapungua kwa kadiri ya volti zikizidishwa kwa zenyewe. Volti zimepungua kwa asilimia 13, lakini wati zimepungua karibu robo, kutoka 30 hadi 22.5 hivi. Wati hizo zinatosha kulipandisha sanduku digrii 11.25 juu ya joto la chumba, basi. Ndani sasa ni nyuzi 33.75. Robo iliyopotea kwenye koili imepotea yote kwenye joto, bila kupunguzwa hata kidogo.

Hapo mwanafunzi wa mbele huwa tayari na jibu: “Mwalimu, si tuweke kidhibiti volti?” Ni jibu zuri, na kidhibiti volti kitatibu volti. Lakini hakitaujua ubaridi wa alfajiri, wala mpira wa mlango uliochoka. Na hakitayajua mayai. Katika wiki ya kwanza yai hupokea joto kutoka kwenye mashine. Kuelekea mwisho, kifaranga kinachokua ndani yake hutoa joto la mwili wake, kama sehemu ya kumi ya wati kwa kila yai. Linaonekana dogo. Mayai 100 hutoa wati 10 hivi, na katika sanduku hili wati 10 ni digrii 5. Mashine iliyopimwa vizuri sana siku ya kwanza, ikawashwa bila kuguswa, ingefika nyuzi 42.5 katika wiki ya tatu na kuua kizazi chote siku chache kabla ya kutoka.

Tatizo la sanduku lisilo na themostati, basi, haliko kwenye hesabu ya fundi. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa siku moja, kwa chumba kimoja na kwa umeme wa namna moja. Ili joto likae sawa, kila kitu alichokihesabu lazima kibaki vilevile alivyokikuta.

Themostati inavunja sharti hilo kwa kufanya jambo dogo: inapima joto lenyewe, halafu inaiambia koili la kufanya. Kipimo kinatoka mwisho wa safari na kurudi mwanzo, na safari hiyo ya kurudi ndiyo inayoitwa mrejesho. Ule wa themostati ni mrejesho hasi, maana unafanya kinyume cha kilichotokea: joto likipanda, moto unapunguzwa; likishuka, unaongezwa.

Wazo hili ni la zamani, na kwa bahati njema lilitumika mapema kwenye mayai. Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyezaliwa mwaka 1572 na kufanya kazi kwa miaka mingi Uingereza, alitengeneza tanuri la kuangulia mayai lililojirekebisha lenyewe. Kimiminika kilichopata moto kilitanuka, kikaisukuma zebaki, na zebaki ikakiendesha kifuniko kilichopunguza hewa ya moto. Kabla yake, na hata baada yake kwa karne nyingi, watunzaji wa matanuri ya mayai huko Misri walifanya kazi hiyohiyo kwa miili yao: walichukua yai na kuligusisha kwenye ukope wa jicho, wakahisi joto lake, kisha wakaongeza au kupunguza moto. Huo nao ulikuwa mrejesho kamili. Kipimo kilikuwa ngozi, na aliyeamua alikuwa mtu aliyelala palepale.

Kwenye sanduku la mhadhiri kuna kibao kidogo cha kijani kinachojulikana kwa mafundi wengi wa mashine za vifaranga kwa jina la W1209. Waya mweusi unatoka kwenye kibao kuingia ndani ya sanduku, na ncha yake ni kihisi ambacho ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Kuna namba nyekundu zinazoonyesha joto, taa ndogo, na rilei inayolia “tak” kila inapowasha au kuzima koili. Ameiweka ikate moto kwenye 37.6, na kipengele kinachoitwa `P1`, yaani pengo kati ya kuzima na kuwasha, amekishusha hadi 0.2. Kwa hiyo moto huzimwa joto likifika 37.6 na kuwashwa tena likishuka hadi 37.4. Koili nayo si ya wati 30 tena. Ni ya wati 60, na hapo tayari kuna somo: anayetaka mashine ivumilie mabadiliko lazima ainunulie nguvu ya ziada ambayo siku za kawaida haitatumika yote.

Anawaambia wanafunzi watoe simu zao, wafungue saa ya kuhesabu sekunde na kusikiliza rilei. Tak, taa inawaka. Dakika moja. Tak, inazima. Dakika moja. Tak. Koili inafanya kazi nusu ya muda, na nusu ya wati 60 ni zile wati 30 ambazo sanduku linapoteza.

Kisha anashusha volti hadi 200 kwa transfoma ya kuzungusha. Koili ya wati 60 sasa inatoa wati 45. Wanafunzi wanatazama namba nyekundu wakingoja zianguke, nazo zinaendelea kucheza kati ya 37.4 na 37.6 kama mwanzo. Ila mlio wa rilei umebadilika. Taa inawaka dakika mbili na kuzima dakika moja. Theluthi mbili za wati 45 ni wati 30.

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara wote, na ni vizuri kupatazama kwa utulivu. Themostati haikuuondoa upungufu wa volti. Upungufu upo, ni robo nzima kama ulivyokuwa. Kilichotokea ni kwamba umehamishwa. Katika sanduku la kwanza uliingia kwenye joto. Katika sanduku hili umeingia kwenye muda ambao koili inawaka. Muda huo haumdhuru kifaranga, ndiyo maana tunauacha ubebe mzigo. Na themostati imeyafanya haya yote bila kujua kwamba volti zimeshuka. Haipimi volti, haikijui chumba, haihesabu mayai. Inajua kitu kimoja tu, kwamba joto limefika 37.4, na kwa kitu hicho kimoja inatibu matatizo ambayo aliyeitengeneza hakuwahi kuyafikiria.

Kwa kuwa mabadiliko yamehamia kwenye muda, anayetaka kuyaona ayatafute huko. Mhadhiri anasisitiza jambo ambalo mafundi wazuri wanalifanya bila kufundishwa: kuhesabu muda wa kuwaka na muda wa kuzima kila mmoja peke yake. Koili ikiwa imezimwa, kinacholipoza sanduku ni sanduku lenyewe na chumba, koili haihusiki. Ndiyo maana volti ziliposhuka, muda wa kuzima ulibaki dakika moja ileile na muda wa kuwaka tu ndio ulioongezeka. Mlango ukianza kuvuja, picha ni nyingine. Tuseme sanduku sasa linapoteza wati 40 badala ya 30, na umeme ni wa kawaida. Muda wa kuzima utapungua kutoka sekunde 60 hadi 45 hivi, kwa sababu joto linakimbia haraka zaidi, na muda wa kuwaka utaongezeka hadi sekunde 90 hivi. Joto kwenye kioo ni lilelile katika hali zote mbili, lakini rilei inasema wazi kama mgonjwa ni koili au ni mlango. Na kuelekea siku ya 18, vifaranga wanapotoa joto lao wenyewe, taa itawaka kwa muda mfupi na kuzima kwa muda mrefu. Hiyo ni habari njema kutoka ndani ya mayai.

Themostati ya kuwasha na kuzima ina ukatili fulani. Inajua moto wote au hakuna moto. Mitambo mingi hutumia namna laini zaidi, ambapo nguvu ya koili huongezeka kadiri joto linavyopungukiwa. Mhadhiri anaiandika ubaoni kwa sababu inamwezesha kuonyesha kwa namba ni kiasi gani mrejesho unasaidia.

Tuseme kidhibiti kinatoa wati 40 kwa kila digrii moja inayopungua chini ya alama iliyowekwa, na alama hiyo ni 38.25. Sanduku litatulia kwenye 37.5 hasa, maana hapo limepungukiwa na robo tatu ya digrii, na robo tatu ya wati 40 ni wati 30. Umeme ukishuka, zile wati 40 kwa digrii zinakuwa 30. Joto linaanza kushuka, lakini kadiri linavyoshuka upungufu unakua, na upungufu unavyokua koili inaongezewa nguvu. Vuta nikuvute hiyo inaishia kwenye nyuzi 37.27. Upungufu sasa ni karibu digrii moja, koili inatoa wati 29.5, na sanduku linapoteza wati 29.5.

Bila mrejesho joto lilishuka digrii 3.75. Kwa mrejesho limeshuka digrii 0.23. Kosa limegawanywa kwa 16, na namba hiyo haikuja kwa bahati. Kidhibiti kinatoa wati 30 kwa digrii wakati sanduku linapoteza wati 2 kwa digrii, yaani nguvu ya mrejesho ni mara 15 ya upotevu. Ongeza moja, unapata 16. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa mitambo mingine yote ya aina hii: badiliko linagawanywa kwa moja kujumlisha nguvu ya mrejesho.

Mtu aliyeifanya kanuni hii kuwa zana ya wahandisi hakuwa akishughulika na joto. Harold Black alikuwa kijana katika maabara za Bell, Marekani, akihangaika na simu za masafa marefu. Sauti iliyosafiri maelfu ya kilomita ilipita katika vikuza sauti vingi, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilitegemea valvu za kioo ambazo nguvu yake ilibadilika kwa umri na kwa umeme uliozilisha. Kosa dogo la kila kimoja lilijilimbikiza. Tarehe 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko kinachovuka mto Hudson kwenda kazini, alipata jibu na kuliandika kwenye ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo: tengeneza kikuza sauti chenye nguvu kuliko inayohitajika, kisha rudisha sehemu ya sauti iliyotoka na kuitoa kwenye ile inayoingia. Unapoteza nguvu nyingi uliyokuwa nayo. Unachopata ni kikuza sauti ambacho kuchakaa kwa valvu kunakigusa kidogo sana. Ni biashara ileile ya koili ya wati 60 mahali pa wati 30.

Baada ya hesabu hii wanafunzi huuliza swali linalotarajiwa. Kama wati 40 kwa digrii zinagawanya kosa kwa 16, kwa nini tusiweke wati 4,000, kosa lifutike kabisa?

Kwa sababu habari huchelewa. Joto linatoka kwenye koili, linasukumwa na feni, linaifikia ncha ya kihisi, linapenya ganda lake la chuma, na ndipo kidhibiti kinapojua. Katikati ya safari hiyo kihisi kinasema bado baridi wakati hewa imeshapata joto la kutosha. Kidhibiti mpole hakileti madhara kwa kuchelewa huko. Kidhibiti kikali kitamwaga moto wote, kigundue kimezidisha, kizime kabisa, kigundue kimepunguza mno, na kuendelea kuyumba bila kutulia. Dalili yake ni rahisi kuiona: namba kwenye kioo zinapanda na kushuka kwa mpigo unaorudiwa, na zinapita mbali juu na chini ya alama. Dawa ya kwanza ni kufupisha ucheleweshaji: kuhakikisha feni inazunguka na kusogeza kihisi pale hewa inapopita, usawa wa mayai.

Kikomo cha pili ni nguvu yenyewe. Koili ya wati 60 hushuka hadi wati 30 umeme ukifika volti 163 hivi. Chini ya hapo taa ya themostati itawaka isizime, na joto litaanza kuanguka kama lilivyoanguka katika sanduku la kwanza. Usiku chumba kikifika nyuzi 17.5, sanduku linahitaji wati 40, na kikomo kinapanda hadi volti 188. Taa isiyozima kabisa inamaanisha kwamba mrejesho umeshatoa kila ulichonacho, na kuanzia hapo hakuna kinacholinda mayai.

Kikomo cha tatu ndicho kizito, na ndicho mhadhiri anachokiweka mwisho. Mrejesho unavumilia makosa ya koili, ya umeme, ya mbao na ya hali ya hewa. Hauvumilii kosa la kihisi. Kihisi kikisoma digrii moja zaidi ya ukweli, kidhibiti kitalishusha sanduku digrii moja kwa uaminifu mkubwa, na kioo kitaandika 37.5 wakati ndani ni 36.5. Rilei italia karibu vilevile kama kawaida. Hakuna dalili yoyote mpaka siku ya 21 ipite bila kifaranga. Hali ni mbaya zaidi kihisi kikichomoka na kuning'inia nje ya sanduku: kitasoma nyuzi 22.5 za chumba, kitawasha koili bila kuzima, na wati 60 zitalipeleka sanduku hadi nyuzi 52.5. Kwa sababu hiyo mashine nzuri huwa na themostati ya pili, yenye kihisi chake, ambayo kazi yake pekee ni kukata umeme joto likizidi.

Kwa maneno mengine, kabla ya mrejesho fundi alilazimika kuamini vitu vingi visivyoaminika. Baada ya mrejesho anaamini kitu kimoja, lakini anakiamini kabisa. Ni badiliko lenye faida kubwa, kwa sababu ni rahisi mno kupata kihisi kimoja kizuri kuliko kupata umeme usioyumba, chumba kisichopoa na mbao zisizozeeka kwa pamoja.

Kukikagua kihisi hicho hakuhitaji maabara. Kipimajoto cha homa kinachouzwa kwenye duka la dawa kimetengenezwa kuwa sahihi hasa kati ya nyuzi 35 na 42, eneo lilelile la yai. Jaza kikombe maji ya uvuguvugu, koroga, tumbukiza ncha ya kihisi na ncha ya kipimajoto zikiwa zimegusana, ngoja dakika chache na usome zote mbili. Zikitofautiana, kwenye W1209 ingia kipengele cha `P4` na uandike tofauti hiyo ili kibao kijisahihishe. Fanya hivyo kabla ya kupanga mayai, siyo baada ya wiki mbili.